Kukumbusha Timu Kuhusu Kuchelewa Bila Kumnyooshea Mtu Kidole: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wasimamizi wa wodi, viongozi wa zamu na maafisa utumishi wa vituo binafsi vya afya. Majibu yanafuata mfano mmoja: wodi ya kulaza wagonjwa Dar es Salaam, yenye wauguzi na wahudumu 14, ambako zamu ya asubuhi imezoea kuchelewa kupokea wodi. Idadi na tarehe za mfano ni za kubuni, ila mambo yenyewe ni ya kila siku. Sheria zinazotajwa ni za sekta binafsi Tanzania Bara. Watumishi wa umma wana taratibu zao, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005.

Wanaochelewa nawajua kwa majina. Kwa nini niandikie timu nzima?

Huenda hupaswi kuiandikia. Chukua rejista ya mahudhurio ya wiki tatu, kaa nayo ofisini mlango ukiwa umefungwa, na uhesabu ni wangapi wamechelewa zaidi ya mara moja. Ukikuta ni wawili au watatu, usiandike chochote kwa kundi. Waite mmoja mmoja. Tangazo la watu wote linaloandikwa kwa sababu ya wawili halimdanganyi mtu: wodi nzima inajua linawahusu akina nani, waliofika mapema wanaona wametukanwa bure, na wale wawili wameaibishwa bila kuambiwa lolote ana kwa ana.

Katika mfano wetu, watu 10 kati ya 14 walichelewa angalau mara mbili ndani ya wiki tatu. Hakuna aliyewazidi wenzake kwa mbali. Hapo tatizo limeshakuwa desturi ya wodi, na desturi husemwa mbele ya wote.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi: watu kadhaa wanachelewa mara mojamoja, na mmoja anachelewa karibu kila siku. Fanya yote mawili, ila uanze na huyo mmoja. Zungumza naye faragha siku moja kabla, umwambie kuwa kesho kutasomwa ujumbe wa wote na kwamba yeye mmeshamalizana. Usipofanya hivyo, atakaa kikaoni akihesabu macho yanayomgeukia.

Ni dakika 15 au 20 tu. Kweli zinastahili ujumbe mzito?

Angalia zinapoangukia. Katika mfano huu zamu ya usiku inaingia saa 2:00 usiku na kutoka saa 2:00 asubuhi, kwa makubaliano ya maandishi. Zamu ya asubuhi inaingia saa 1:30, ili ibaki nusu saa ya makabidhiano. Nusu hiyo ina kazi nyingi kuliko inavyodhaniwa. Wanapita kitanda kwa kitanda: nani amelazwa usiku, nani dripu yake iko nusu, nani anasubiri majibu ya maabara, nani hakulala kwa maumivu. Kisha wanafungua kabati la dawa zenye udhibiti maalumu, kama mofini na pethidini, wanahesabu pamoja vichupa vilivyobaki, wanalinganisha na daftari, na wote wawili wanatia saini. Funguo zinapita mkono kwa mkono. Muuguzi wa usiku hawezi kuziacha mezani akaondoka.

Anayefika saa 1:50 anakuta dakika kumi. Ama makabidhiano yanafanywa mbiombio, na kitanda cha mwisho kinasahaulika, ama muuguzi wa usiku anabaki hadi saa 2:20. Akibaki, amevuka saa 12 za kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kumfanyisha au kumwacha mfanyakazi afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Kwa hiyo uchelewaji wa zamu moja unakuwa uvunjaji wa sheria kwa zamu nyingine, na anayeubeba ni mtu ambaye hajachelewa popote.

Hiyo ndiyo hoja ya ujumbe wako. Ukiiandika vizuri hutahitaji kumkaripia mtu, kwa sababu kila mmoja wa wodi hiyo amewahi kuwa wa usiku anayetazama saa.

Kabla ya kuandika, nichunguze nini?

Ratiba ya zamu. Wasimamizi wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa ujumbe unapopokelewa kwa minong'ono.

Tuangalie ya mfano wetu. Zamu ya jioni inaisha saa 2:30 usiku. Ukipitia ratiba ya Julai unakuta mara kadhaa mtu amepangwa jioni ya leo na asubuhi ya kesho. Kutoka saa 2:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi ni saa 11. Sheria ileile inataka mfanyakazi apumzike angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Muda huo unaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, lakini tu ikiwa siku ya kazi ina mapumziko ya katikati yasiyopungua saa 3, au mfanyakazi anaishi palepale kazini. Muuguzi anayetoka Mbagala au Kibaha haingii katika lolote kati ya hayo. Toa muda wa kusubiri usafiri usiku, kupika, kuoga, na kuamka saa 10:30 alfajiri, uone amelala saa ngapi.

Sasa linganisha siku hizo na siku za kuchelewa. Ukikuta sehemu kubwa ya ucheleweshaji iko kwa watu waliotoka jioni, nusu ya tatizo umelipanga mwenyewe. Irekebishe ratiba kwanza, na ukiri ndani ya ujumbe kwamba umeirekebisha. Ukikuta hazilingani, vizuri. Umeondoa kisingizio kimoja kabla hakijasemwa.

Angalia pia saa ya ukutani na ile ya mashine ya alama za vidole kama mnayo. Zikipishana dakika saba mtabishana mwaka mzima. Na chunguza foleni ya getini au chumba cha kubadilishia sare: mtu anaweza kuwa eneo la kazi saa 1:25 na asionekane wodini hadi 1:40 kwa sababu kabati za sare ziko tatu.

Nimeshaandika rasimu. Shida yake ni nini?

Rasimu zinazoletwa hufanana sana. Hii hapa:

"Habari zenu. Nimechoshwa na tabia ya baadhi ya watu humu, na wanajijua. Kazi mmeifanya kama ya shangazi yenu. Kuna dada anatoka Mlandizi kila siku na saa 1:20 yuko wodini, wa hapa Kimara mnashindwa nini? Nisije nikaanza kutaja majina. Mtu asinijaribu."

Mwandishi anaamini hajamtaja mtu. Amewataja wote. "Wanajijua" huwatuma watu kutafuta nani anayesemwa, na mpaka saa 4 asubuhi jikoni jina limeshapatikana, pengine si lenyewe. "Wa hapa Kimara" katika wodi ya watu 14 ni watu wawili. Dada wa Mlandizi naye ameumizwa, maana kuanzia leo wenzake watamwita kipenzi cha bosi. Na tishio la kutaja majina ni ahadi ya kuaibisha, ambayo ukiitimiza umekosea na usipoitimiza umeonekana huna meno.

Zaidi ya yote, rasimu hii ni kali lakini si imara. Isome tena utafute saa ya kufika, tarehe ya kuanza, wa kumpigia simu ukikwama, na kitakachofuata. Hakuna hata kimoja.

Basi uandikwe vipi?

Huu ndio ambao ungefaa kwa mfano wetu:

"Ndugu wauguzi na wahudumu wa wodi,

Habari za kazi. Ujumbe huu unahusu saa ya kuanza zamu ya asubuhi.

Makabidhiano yanaanza saa 1:30 asubuhi. Kuanzia tarehe 6 hadi 26 Julai, asubuhi 13 kati ya 21 yalianza baada ya saa 1:45. Kwa sababu hiyo wenzetu wa usiku wametoka baada ya saa 2:00, na mara kadhaa hesabu ya dawa za kabati imefanywa kwa haraka. Hali hii haiwezi kuendelea.

Kuanzia Jumatatu tarehe 3 Agosti, makabidhiano yataanza saa 1:30 kamili. Kufika maana yake ni kuwa wodini ukiwa na sare, tayari kupokea wagonjwa.

Ukiona utachelewa, piga simu ya zamu kabla ya saa 1:00 asubuhi. Piga, usitume ujumbe, ili aliyeko kazini ajue na apange.

Tumeona pia kuwa ratiba ya Julai iliwapanga baadhi yetu jioni na kesho yake asubuhi. Hilo ni kosa la ofisi. Katika ratiba ya Agosti halipo.

Mwenye jambo la kudumu linalomzuia kufika saa 1:30, iwe usafiri, mtoto, masomo au afya, aje tuzungumze faragha kabla ya Ijumaa tarehe 31 Julai.

Baada ya tarehe 3 Agosti, ofisi itashughulikia kuchelewa kwa kuzungumza na mhusika mwenyewe, faragha, kwa utaratibu wa nidhamu wa kituo.

Ahsanteni.
Msimamizi wa wodi"

Tazama kinachopimwa hapo: saa ambayo makabidhiano yalianza. Hakuna mtu anayepimwa. Ukiandika "watu 10 wamechelewa" kila mmoja ataanza kuhesabu vidole. Ukiandika "makabidhiano yalichelewa asubuhi 13" unazungumzia kazi, na hakuna wa kubishana nawe kwa sababu daftari la makabidhiano lina saa.

Tazama pia kuwa hakuna tarehe ya siku mojamoja. Hilo ni la makusudi. Ratiba imebandikwa ukutani. Ukisema "hasa tarehe 14 na 19", mtu anainua macho tu na kusoma majina ya waliokuwa zamu. Toa jumla ya kipindi na uishie hapo. Kama zamu ina watu wawili tu hata jumla itamfichua mtu, na hapo turudi kwenye jibu la kwanza: usiandike, ongea.

Kuna sentensi moja ngumu, "Hali hii haiwezi kuendelea", na inatosha. Usiizungushie maneno ya kuomba radhi. Wapo wanaoandika "samahanini sana kama nitawakwaza, ni kakumbusho kadogo tu", halafu wanategemea watu wabadilike Jumatatu.

Wengine hupenda kuandika "tunachelewa" ili kujiweka pamoja na timu. Kama wewe unafika saa 1:15 kila siku, watu watalisikia kama kejeli. Acha makabidhiano ndiyo yachelewe.

Kwa nini kutoa siku kadhaa kabla ya kuanza? Si waanze kesho?

Mama mwenye mtoto mchanga anahitaji kupanga na dada wa kazi au jirani. Anayepanda magari mawili anahitaji kujaribu gari la mapema aone linamfikisha saa ngapi. Siku tano au sita zinatosha kwa hayo, na pia zinakupa nafasi ya kusikia yale mambo ya kudumu kabla hujaanza kuhesabu. Zaidi ya wiki mbili watu husahau.

Niusome kikaoni, niubandike ubaoni au niutume WhatsApp?

Vyote vitatu, kwa mpangilio huo.

Anza kwa kuwaarifu viongozi wa zamu siku moja kabla, wote kwa pamoja, ili wasisikie pamoja na wengine na wasije wakasema hawakujua. Kisha usome kikaoni, kama ulivyoandikwa, bila kuongeza chumvi. Hatari ya kikao ni maneno ya nyongeza: umemaliza kusoma, kimya kinakukaa vibaya, unaanza "kwa mfano juzi…". Usianze. Uliza kama kuna swali juu ya saa, simu au ratiba, jibu, funga.

Chagua saa pia. Usisome saa 1:35 asubuhi wakati watu bado wanaingia. Atakayefungua mlango katikati ya sentensi ya pili ndiye atakayekuwa tangazo, hata kama leo ndiyo mara yake ya kwanza mwaka huu. Katika wodi ya mfano wakati mzuri ni saa 8:10 mchana, zamu ya asubuhi na ya jioni zinapokutana. Wa usiku wasomewe jioni wakiingia, na mtu yuleyule, kwa maneno yaleyale.

Kwenye kundi la WhatsApp utume mwisho, kama kumbukumbu, na ufunge kundi kwa muda ili wasimamizi pekee waandike. Ukiliacha wazi, wa kwanza ataweka kikaragosi cha kucheka, wa pili ataandika "jamani huyu tunamjua", wa tatu atatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne akijitetea. Yote yatabaki humo, na picha ya skrini itafika wodi nyingine kabla ya chakula cha mchana. Sauti yako uliyorekodi usiitume kabisa. Maandishi husomwa kwa utulivu, sauti husikilizwa kwa kutafuta hasira.

Usitume saa 5 usiku.

Saa niandike vipi?

Saa za Kiswahili zenye neno la wakati: saa 1:30 asubuhi. Kama mashine ya mahudhurio inachapa 07:30, weka kwenye ujumbe wa kudumu wa ubaoni namna zote mbili, maana ripoti ya mashine ndiyo itakayoletwa siku ya ubishi.

Mimi ni kijana, na humu kuna mama zangu waliofanya kazi kabla sijazaliwa. Nitawaambiaje?

Kwa maneno yaleyale uliyowaandikia wengine, baada ya shikamoo. Heshima iko katika salamu, katika kumpisha kiti, katika kutomkatiza akizungumza. Haiko katika kumwondoa kwenye saa. Ukianza kulegeza kwa wazee vijana wataona siku ileile.

Kinachoharibu ni utani. Kijana akiona aibu kumwambia mama hugeuza jambo kuwa mzaha: "Mama leo umeamua kutuletea chakula cha mchana kabisa!" Watu wanacheka, mama anacheka pia, na amedhalilishwa mbele ya watoto wake wa kazi. Hilo ni baya kuliko onyo. Wala usimtume mzee mwingine akamsemee. Atakuuliza kwa nini hukuja mwenyewe, na atakuwa na haki.

Akija faragha, muulize kwa adabu na kwa wazi: "Mama, saa 1:30 inakuwia ngumu? Kuna zamu itakayokufaa zaidi?" Mara nyingi mzee mwenye miguu inayouma au mgonjwa nyumbani amenyamaza kwa miezi kwa sababu hataki kuonekana anaomba upendeleo.

Mtu akisimama kikaoni na kusema "hapo unanisema mimi", nijibu nini?

"Ujumbe ni wa zamu nzima. Kama kuna jambo lako, njoo ofisini tukimaliza." Basi. Usiseme "hapana, si wewe", kwa sababu wa pili atauliza kama ni yeye, na ukifika wa tano utakuwa umewataja waliobaki.

Foleni, mvua na mwendokasi ni sababu za kukubalika?

Zinatofautiana. Jangwani ikifurika wakati wa masika, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Siku hiyo hata meneja anachelewa. Hilo ni tukio, na simu kabla ya saa 1:00 inatosha. Foleni ya kila Jumatatu imeshakuwa sehemu ya safari, nayo hupangwa kwa kutoka mapema au kwa kubadilisha zamu.

Mwombe mtu aseme jambo moja tu: je, ni leo, au ni kila mara? Kwa la kila mara tafuta nafasi katika ratiba. Kubadilishana zamu kati ya wawili wanaokubaliana, kwa maandishi na saini ya msimamizi, hutatua mengi. Ila usiahidi saa maalumu kwa mtu mmoja halafu ukafanya siri. Wenzake wataona anaingia saa 2:30, watadhani anapendelewa, na ujumbe wako utakuwa karatasi tupu. Iandike kwenye ratiba kama saa yake rasmi. Sababu yake ibaki kwako.

Tuna rejista yenye mstari mwekundu. Je, huo si kuaibisha?

Mstari wenyewe ni kumbukumbu tu: saa fulani ikifika unachorwa, na anayesaini chini yake amechelewa. Kinachoaibisha ni rejista kuachwa wazi juu ya meza ya mapokezi, ambako hata mgonjwa anaweza kusoma. Ichorwe na msimamizi, ikae kwa msimamizi. Orodha za "wachelewaji wa wiki" zinazobandikwa ubaoni ziondolewe leo.

Naweza kukata mshahara, au kuwatoza soda?

Mshahara usiuguse. Sheria ya 2004 inaruhusu makato yanayotokana na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama na mengine ya namna hiyo, au deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe. Faini ya dakika 20 iliyobuniwa na msimamizi haimo. Wasomaji wa Kenya nao waangalie kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007: kinachoruhusiwa kukatwa kwa kutokuwepo ni hadi ujira wa siku moja kwa kila siku nzima ambayo mtu hakuja bila ruhusa wala sababu halali. Aliyechelewa alikuja.

Soda, keki, kufanyishwa usafi wa ziada, kuimbishwa: vyote hivi huonekana vya kuchekesha kwa wasiotozwa. Isitoshe, shilingi elfu mbili kwa mhudumu si sawa na elfu mbili kwa daktari.

Mkuu wa kituo mwenyewe anaingia saa 3. Ujumbe utasikika kweli?

Kwa shida. Yeye saa zake huenda ni tofauti, lakini watu hawajui. Mwombe aeleze saa zake au asiwe ndiye anayesoma ujumbe.

Tumetuma, na mmoja bado anachelewa. Nirudie ujumbe kwa wote?

Hapana. Ujumbe wa pili kwa kundi utamhusu yeye peke yake, na kila mtu atajua. Kuanzia tarehe uliyoweka jambo ni lake na lako.

Mwite siku hiyohiyo au kesho yake, zamu ikiisha, mkiwa wawili. Kuwa na rejista. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Dada, tangu tarehe 3 umefika baada ya saa 1:30 mara nne. Nimeandika saa hapa, tuangalie pamoja kama nimekosea."

"Hujakosea. Mtoto nampeleka shule, geti linafunguliwa saa 1:00."

"Ulikuja kuniambia kabla ya tarehe 31?"

"Sikuja. Niliona nitajipanga."

"Sawa. Kuna mwenzako anatafuta asubuhi, anataka kuachia jioni. Tujaribu mbadilishane kwa mwezi mmoja, tuandike. Kama hutaki, basi saa 1:30 ni saa 1:30, na ukichelewa tena itakuwa onyo."

Hakuna neno "tabia" wala "uvivu" hapo. Kuna saa, mara ngapi, na kinachofuata.

Ikishindikana, fuata utaratibu. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinataka nidhamu irekebishe kwa hatua: ushauri na onyo la mdomo, kisha onyo la maandishi, kisha onyo la mwisho, na kabla ya kumwachisha mtu kazi kuwe na sababu halali na kusikilizwa kwa haki. Msimamizi wa wodi huishia kwenye hatua za mwanzo. Zinazofuata ni za afisa utumishi. Andika tarehe na yaliyosemwa kila mara, hata mazungumzo ya kirafiki. Na hatua ziwe zilezile kwa kila mtu. Ukimpa mmoja onyo la maandishi kwa mara nne na mwingine ukamnyamazia kwa mara sita, hata onyo halali litakuwa gumu kulitetea.

Nitajuaje kama ujumbe umefanya kazi?

Pima kilekile ulichopima, kwa muda uleule. Tarehe 3 hadi 23 Agosti ni asubuhi 21. Kama Julai makabidhiano yalichelewa mara 13, na Agosti yamechelewa mara 3, ambazo mbili zilipigiwa simu, umefanikiwa; usitafute sifuri. Yakiwa 9, kuna kitu hukukiona kwenye ratiba au usafiri. Rudi kwa wa usiku uwaulize, maana wao ndio wanaoona nani anakuja kutoka wapi na anafika akiwa na hali gani.

Wiki ya kwanza isikudanganye. Watu hufika mapema kwa sababu ujumbe bado mbichi. Ya tatu ndiyo ya kuaminika.

Matokeo warudishie kwa sentensi moja kikaoni: "Makabidhiano sasa yanaanza kwa wakati asubuhi 18 kati ya 21, na wa usiku wanatoka saa 2:00." Usimsifu mtu kwa jina kwamba amebadilika, ni kutangaza kwamba alikuwa anachelewa.

Tangazo likae ubaoni mpaka lini?

Litoe ukishatoa matokeo. Kiache tu kikaratasi kidogo cha saa za zamu na namba ya simu ya zamu.